Masaa ya shiti hayaendani na hela ya kwenye salari slipu? Anza kwa kuangalia pengo ni shilingi ngapi

Kila mwisho wa mwezi kuna mtu anakuja mezani ameshika salari slipu mkono mmoja na kikaratasi cha ovataimu mkono mwingine, anakuambia mhasibu hela yangu haijatimia, na wewe ukiangalia fomula unaona iko sawa kabisa. Nimekaa kwenye mishahara miaka ya kutosha kujua kwamba mara nyingi anayelalamika yuko sahihi na fomula nayo iko sahihi, kilichoharibika ni pale katikati, pale dakika zinapogeuzwa kuwa desimali. Na uzuri wake ni kwamba kila kosa lina pengo lake, kwahiyo kabla hujafungua seli moja moja chukua kwanza alicholipwa, toa kwenye alichostahili, halafu uitazame hiyo tofauti vizuri maana inakuambia uende wapi.

Tuchukue mtu mmoja tumalizane naye. Dada yuko idara ya kufungasha bidhaa, mshahara wake 390,000 kwa mwezi. Anaingia 8:00, anatakiwa kutoka 16:30, katikati ana saa moja ya kula, kwahiyo ni masaa saba na nusu kwa siku, siku sita, jumla 45 kwa wiki ambayo ndo kikomo cha kawaida kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Rate yake ya saa tunaipata kwa kugawa mshahara kwa 195 (masaa 45 mara wiki 52 ni 2,340, gawa kwa miezi 12 unapata 195), inakuja 2,000 kamili. Ovataimu ya siku za kawaida ni mara moja na nusu, kwahiyo 3,000 kwa saa. Mwezi huu siku zote 26 alizofanya kazi alitoka 17:50, yaani saa moja na dakika ishirini za ziada kila siku. Najua hakuna mtu anatoka dakika ileile mwezi mzima, ila nimeweka hivyo ili hesabu ionekane bila kukimbizana na namba.

Jibu sahihi kwanza, tena bila desimali yoyote. Saa moja na dk 20 ni dakika 80. Mara siku 26 ni dakika 2,080. Saa ikiwa 3,000 basi dakika ni 50. Zidisha, 104,000. Hii ndo anayostahili, na kila kitu hapa chini tunakilinganisha na hii 104,000.

Kalipwa 93,600, pungufu 10,400

Hili ndo kosa kubwa na ndo linalojirudia kuliko yote. Supavaiza kaandika 1.20 akimaanisha saa moja dakika ishirini, wewe ukaichukua kama ilivyo ukazidisha kwa 3,000. Kompyuta yenyewe haijui habari za dakika, inaona moja na sehemu ishirini za mia, ambayo ni saa moja na dakika 12 tu. Dakika nane zimeyeyuka kila siku, mara 26, mara 50, ndo hizo 10,400.

Namna ya kugundua bila kumuuliza mtu: pitisha macho kwenye kolamu nzima ya masaa uangalie tarakimu baada ya nukta. Kama ni desimali za kweli lazima utakutana na .75, .67, .83, .92 na wenzao. Kama umepita mistari mia na hakuna hata mmoja uliozidi .59, ndugu yangu hizo ni dakika zimevaa nukta. Na kama unaona mchanganyiko, basi ujue supavaiza wawili wanajaza shiti moja kila mmoja kwa mtindo wake, hapo usitumie fomula yoyote mpaka ujue nani kaandika mstari upi.

Ukishakuwa na uhakika kolamu yote ni dakika, hii inazirudisha kwenye dakika kamili:

```
=INT(A2)*60+ROUND((A2-INT(A2))*100,0)
```

Kwa 1.20 inakupa 80. Hiyo ROUND usiitoe hata kama unaona haifanyi kitu, kwasababu kompyuta ikitoa 1 kwenye 1.20 haipati 0.20 iliyonyooka, inapata kitu kinachokaribia sana, halafu baadae unashangaa dakika 19.99999 zimetoka wapi. Ipo pia DOLLARDE(A2,60) ambayo wenyewe waliitengeneza kwa mambo ya bei ila inafanya kazi hii hii, inakupa 1.3333 moja kwa moja.

Sasa mtego. Ukiona 1.5 kwenye shiti usiguse. Inaweza ikawa saa moja na nusu, inaweza ikawa 1.50 Excel imekula sifuri ya mwisho (na itaila kila siku, 1.20 yenyewe inaionyesha kama 1.2), na inaweza ikawa mtu kaandika saa moja na dakika tano. Kati ya dakika 65, 90 na 110 hakuna fomula itakayokuchagulia, nyanyua simu uulize au katazame karatasi ya mkono.

Kalipwa 101,400, pungufu 2,600

Hapa dakika ziligeuzwa kweli, ila kwa desimali moja. 20 gawa kwa 60 ni 0.333, mtu kaandika 1.3. Ni saa moja na dakika 18, dakika mbili kila siku zimepotea, 52 kwa mwezi. Mara nyingi unakuta kuna kijikaratasi kimebandikwa ukutani tangu enzi na enzi kinasema dk 6 mpaka 11 ni .1, 12 mpaka 17 ni .2 na kuendelea, watu wanakitumia bila kujua kiliwekwa na nani. Kama kampuni yako imekubaliana na wafanyakazi kwamba inalipa kwa vipande vya dakika sita, sawa, huo ni utaratibu na uandikwe mahali watu wausome, ila mimi hapa naongelea kugeuza tu dakika kuwa desimali, na kugeuza peke yake hakutakiwi kumla mtu hata dakika moja.

Kalipwa 103,740, pungufu 260

Hili ndo linaumiza vichwa vya wahasibu maana kila mtu kafanya kazi yake vizuri. Masaa yamegeuzwa kwa desimali mbili, 1.33 kila siku, 26 mara 1.33 ni 34.58. Lakini dakika 2,080 gawa kwa 60 ni 34.6667. Pengo ni 0.0867 ya saa, dakika tano na sekunde chache, shilingi 260.

Utasema mia mbili sitini kitu gani. Sawa, ila tatizo la 260 ni kwamba haina maelezo, mfanyakazi anajumlisha kwenye simu yake anapata namba nyingine, mkaguzi anajumlisha anapata nyingine tena, na wewe huwezi kumwonyesha mtu yeyote imetoka wapi. Pia haisogei upande mmoja, kuna watu inawaongezea.

Sababu yake ukiielewa mara moja huitaki tena desimali ya kila siku. Dakika inaingia kwenye desimali mbili bila kubaki kitu pale tu inapogawanyika kwa tatu. Dakika 3 ni 0.05 kamili, 15 ni 0.25, 27 ni 0.45, 42 ni 0.70, zote safi. Nyingine zote zinabaki na mkia usioisha: 20 ni 0.3333 na inakatwa inakuwa 0.33, mfanyakazi anapoteza sekunde 12. 40 ni 0.6667 inapandishwa 0.67, anapata sekunde 12 za bure. 50 inapoteza, 10 inapata, 35 inapoteza, 25 inapata. Kwa mtu anayetoka muda tofauti tofauti hizi zinaweza kufidiana mpaka usione kitu, ndo maana kosa linakaa miaka halijulikani. Kwa mtu ambaye basi la kampuni linamchukua muda uleule kila siku hazifidiani kabisa, zinarundikana upande mmoja, na huyo ndo atakuja mezani kwako.

Dawa ni kuacha kugeuza kila siku. Kolamu ya kila siku iwe ya dakika, namba nzima nzima isiyo na nukta, jumlisha dakika za mwezi mzima, halafu gawa kwa 60 mara moja tu mwishoni. Kama A ni muda wa kuanza ovataimu na B ni muda wa kutoka, zote zimeandikwa kwa nukta mbili kama 17:50, dakika za siku kwenye kolamu C ni:

```
=ROUND(MOD(B2-A2,1)*1440,0)
```

1440 ni dakika za siku nzima, maana Excel inahifadhi muda kama kipande cha siku, saa 12:00 mchana kwake ni 0.5. MOD iko pale kwa ajili ya watu wa usiku, anayeingia 22:00 na kutoka 6:00 bila hiyo MOD anapata namba hasi na seli inajaa alama za #####. ROUND tena inasafisha mikia. Halafu chini kabisa malipo:

```
=ROUND(SUM(C2:C27)/60*3000,0)
```

Tunakadiria mara moja, kwenye hela, sio kwenye masaa. Hapo inatoka 104,000.

Kalipwa 104,010, zidi 10

Huyu muache. Nasema kweli. Kuna programu za mishahara hazikubali zaidi ya desimali mbili kwenye kisanduku cha masaa, kwahiyo 34.6667 unalazimika kuiingiza 34.67 na inazidi kwa shilingi 10. Kwa rate ya 3,000 hilo ndo kosa kubwa kabisa linaloweza kutokea ukigeuza mara moja kwa mwezi, shilingi kumi juu au kumi chini, haliongezeki hata mtu afanye siku ngapi. Kama programu yako inakubali kuingiza kiasi cha hela badala ya masaa, ingiza 104,000 kwa mkono, na kama inakubali desimali nne weka 34.6667 inatoka 104,000 na sehemu ya kumi ya shilingi, ukikadiria imekwisha.

Kwenye karatasi inaonekana 1.33 mara 26 lakini jumla imeandikwa 34.67

Hii sio kosa la malipo ni kosa la maonyesho, ila ndo inaleta ugomvi. Excel inaonyesha 1.33 kwasababu umeiambia ionyeshe desimali mbili, ndani imeshika 1.3333333 na inajumlisha hiyo ya ndani. Hela iko sahihi, karatasi ndo inaonekana kama inadanganya. Usijaribu kuirekebisha kwa kuweka ROUND kila siku ili karatasi ipendeze, maana hapo ndo unarudi kwenye yale ya 260. Chapisha tu dakika, au chapisha 1:20, mfanyakazi anasoma anaelewa na anajumlisha mwenyewe.

Pengo kubwa la kutisha

Haya ni rahisi kuliko yanavyoonekana, kwasababu namba zenyewe ni za ajabu.

Amelipwa 32,000, pungufu 72,000. Gawa 72,000 kwa 3,000 unapata 24 kamili. Jumla yake ilikuwa 34:40 lakini seli imewekewa fomati ya kawaida ya saa ambayo ikifika 24 inaanza upya kama saa ya ukutani, ikaonyesha 10:40, na mtu akainakili kwa macho kwenda kwenye mishahara. Badilisha fomati ya seli iwe `[h]:mm`, hayo mabano ya mraba ndo yanaiambia isirudi sifuri. Mtu mwenye masaa mengi zaidi anaweza kukosa 48 au 72, kwahiyo pengo lolote linalogawanyika kwa 24 za rate yake ni hili hili.

Amelipwa 4,333. Hapa mtu kachukua 34:40 ya Excel akaizidisha kwa 3,000 bila kuizidisha kwa 24 kwanza. Excel inaiona kama siku 1.4444, sio masaa. Na kinyume chake kipo, umeshazidisha kwa 24 vizuri lakini seli inaonyesha 8:00 badala ya 1.33, unaanza kufuta fomula wakati fomula haina kosa. Seli imerithi fomati ya saa, basi, ibadilishe iwe ya namba za kawaida.

Pungufu 4,000, au 8,000, au 12,000. Siku moja ya huyu dada ni dakika 80 mara 50, sawa na 4,000, kwahiyo siku nzima nzima hazikuhesabiwa. Karibu kila mara ni kwamba zile siku zimeingia kama maandishi na SUM inaziruka kimyakimya, hailalamiki hata kidogo. Mtu kaandika 1h20, au katuma kwenye simu ukanakili ikaja na vitu visivyoonekana. Ukiacha seli bila kupangilia, namba inakaa kulia na maandishi yanakaa kushoto, hiyo ni dalili ya kwanza. Njia ya uhakika linganisha hizi mbili:

```
=COUNTA(A2:A27)
=COUNT(A2:A27)
```

Ya kwanza inahesabu seli zote zenye kitu, ya pili zenye namba tu. Ikija 26 na 23, kuna siku tatu hazimo na pungufu ni 12,000. Zitafute uziandike upya kwa mkono, ni haraka kuliko kuunda fomula ya kusafisha.

Mlinzi kafanya usiku mzima, shiti inasema sifuri

Hii hutaikuta kwenye maelekezo ya programu yoyote maana ni ya kwetu. Mlinzi kaingia saa 12 jioni katoka saa 12 asubuhi, kaandika 12:00 na 12:00, vyote sahihi kwa Kiswahili, na Excel inatoa moja kwa nyingine inapata bure.

Hii ya sifuri angalau inaonekana. Ya hatari ni ile isiyoonekana. Mpishi kaingia saa 12 na dakika 40 asubuhi katoka saa 10 na dakika 10 jioni, kaandika 12:40 na 10:10. Kakaa masaa tisa na nusu. Fomula yenye MOD inadhani ameanza mchana na kutoka kesho yake, inakupa masaa 21 na nusu, yaani 12 zaidi kabisa, na ukizilipa kama ovataimu hizo ni hela nyingi mno kuzirudisha. Na kibaya zaidi, saa ya Kiswahili mara nyingi inakubali bila shida: ukiingia 2:00 na kutoka 11:50 jibu linakuwa sahihi kabisa, kwasababu zote mbili zimesogezwa kwa sita sita. Kwahiyo unaweza ukakaa miezi unadhani shiti iko sawa, hadi siku mtu agonge ile saa 12.

Ukiona mtu kapata masaa 12 ya ajabu, zaidi au pungufu, usihangaike na desimali, nenda kasome alivyoandika. Kugeuza ni hivi: saa 12 ichukue kama sifuri, halafu za asubuhi, za mchana na za jioni kabla ya saa 12 ongeza 6, za usiku ongeza 18 na ikifika au kuzidi 24 toa 24. Saa 12:40 asubuhi inakuwa 0:40 jumlisha 6, ni 6:40. Saa 12 jioni ni mwanzo wa usiku, sifuri jumlisha 18, ni 18:00. Saa 7 usiku ni 25, toa 24, ni 1:00. Saa 11 alfajiri ni 29, toa 24, ni 5:00.

Mimi kwenye daftari la getini nilichofanya ni kuchora kolamu mbili, moja mlinzi anaandika saa yake anavyoisema, ya pili anaandika namba anayoiona kwenye simu yake, na simu nikamwekea mwenyewe isome mpaka 24. Wiki ya kwanza walinikunjia uso, mzee mmoja akaniuliza kwani saa yetu ina ubaya gani, nikamwambia haina ubaya mzee, ila juzi imetaka kukulipa sifuri, akachukua kalamu.